Gari likikata kona, nani anatusukuma nje? Mtoto kakosa alama na mimi sijaelewa

#1 Baba Neema
Wakuu, habari za jioni.

Binti yangu yuko kidato cha tano, anasoma PCM. Wiki iliyopita kaleta karatasi ya jaribio la fizikia. Swali lilisema: gari linakata kona, chora kani zote zinazomfikia abiria, ukitazama ukiwa umesimama kando ya barabara. Mtoto kachora uzito kwenda chini, kiti kumbeba juu, mlango kumsukuma kuelekea ndani ya kona. Kisha akaongeza mshale wa nne unaokwenda nje, akauandikia "sentrifugo". Mwalimu kaukata kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni neno moja: "Haipo." Maelezo hakuna.

Mimi naendesha gari mwaka wa kumi na tisa huu. Jumamosi tunatoka sokoni na mama yake, mbuzi akakatiza, nikakunja kulia haraka kuingia barabara ya mtaani. Mama Neema kabanwa kwenye mlango wa kushoto mpaka bega likamuuma usiku kucha. Kikapu cha nyanya kikaserereka kiti chote cha nyuma kutoka upande wangu hadi upande wake, nyanya zikapasukia mlangoni. Sasa kama hiyo kani haipo, nyanya zangu zilisukumwa na nini? Naomba mwenye kujua anieleze kwa lugha ya mtu anayeendesha gari.

#2 DerevaWaMasafa
Mkuu, huyo mwalimu hajawahi kushuka mlima Kitonga na mzigo mgongoni. Ukiingia kona vibaya unasikia kabisa kichwa cha lori kinavutwa kwenda nje, na tela nalo linataka kukupita. Ipo, na imeua watu. Mwambie binti akate rufaa.

#3 JiweGumu
Tatizo hapo ni mwendo, Baba Neema. Kona za mtaani ni za kilomita ishirini kwa saa, na mama angefunga mkanda bega lisingeuma. Tuache kumsingizia mbuzi.

#4 Baba Neema
JiweGumu, mkanda alifunga, na mwendo nakubali ulizidi. Lakini swali langu ni la kani, ndugu yangu. Nataka kujua mshale wa mtoto ulikosea wapi.

#5 Ticha Mstaafu
Baba Neema, nimefundisha fizikia miaka thelathini na swali hili limenirudia kila mwaka. Mwalimu yuko sahihi, ila neno moja la "haipo" halimsaidii mtoto. Ngoja nijaribu.

Kila kani ina mwenyewe. Ukichora mshale lazima uweze kumtaja anayesukuma au anayevuta. Mshale wa chini mwenyewe ni Dunia. Mshale wa juu mwenyewe ni kiti. Mshale wa ndani mwenyewe ni mlango, pamoja na kiti kinachomburuta kidogo kwa msuguano. Sasa mshale wa nne, wa kwenda nje, mwenyewe nani? Ndani ya gari hakuna kitu kilichomgusa mama Neema na kumsukuma kushoto. Tafuta utakavyo, hutampata.

Sasa simama pale alipokuwa mbuzi, utazame. Gari linakuja limenyooka na mama Neema yumo, anakwenda mwendo uleule wa gari. Wewe unakunja usukani kulia. Matairi ya mbele yanaikamata lami, na lami inalisukuma gari kuelekea kulia. Lakini lami haimgusi mama Neema. Yeye anaendelea kunyooka na mwendo aliokuwa nao, kama Newton alivyosema katika sheria yake ya kwanza. Gari ndilo limegeuka, kwa hiyo mlango wa kushoto ndio unaomfuata yeye pale alipo. Unapomfikia unaanza kumsukuma kwenda kulia ili naye apinde pamoja na gari. Bega liliuma kwa sababu mlango ulilisukuma kuelekea ndani ya kona.

Na kuna ushahidi mwingine ambao nilikuwa naupenda sana darasani. Tuseme kona ilikuwa ya duara lenye nusu kipenyo cha mita 20, na ulikuwa na kilomita 36 kwa saa, yaani mita 10 kila sekunde. Mchapuko wa kuelekea kitovu ni v²/r, inatoka 5. Kama mama ana kilo 70, mlango na kiti kwa pamoja walimsukuma ndani kwa niutoni 350. Ni kama kumbebesha mtu mzigo wa kilo 35. Sasa ongeza ule mshale wa Neema, niutoni 350 kwenda nje. Zinafutana, jumla sifuri. Na mtu ambaye kani zake zimefutana anakwenda wapi? Ananyooka. Kwa mchoro ule, mama Neema hakukata kona kabisa, angetoka na kuendelea na mbuzi. Lakini alikata kona. Ndiyo maana mshale umekatwa kwa wino mwekundu.

#6 Kijana wa Mekanika
Ticha, shikamoo. Naomba nikupinge kidogo. Sheria ya tatu inasema kila kani ina kani pinzani iliyo sawa nayo. Mlango unamsukuma mama ndani kwa niutoni 350, basi lazima iwepo niutoni 350 ya kwenda nje. Hiyo ndiyo sentrifugo. Kwa hiyo ipo na ni ya kweli kabisa, mtoto apewe alama yake.

#7 Ticha Mstaafu
Marahaba kijana. Umepatia nusu, na nusu hiyo ni nzuri. Kani ya kwenda nje ipo kweli, mama Neema anausukuma mlango kwa niutoni 350 kuelekea kushoto. Lakini inamfikia nani? Inaufikia mlango. Swali liliomba kani zinazomfikia abiria. Jozi ya sheria ya tatu haikai kamwe juu ya kitu kimoja, la sivyo hakuna kitu kingewahi kusogea duniani. Ukivuta mkokoteni, mkokoteni unakuvuta wewe, lakini huo mshale huuchori kwenye mkokoteni.

#8 Kijana wa Mekanika
Hapo nimekamatika. Nilikuwa nazichora zote mbili kwenye kitu kimoja tangu kidato cha tatu.

#9 Mkulima wa Matikiti
Jamani, mimi fizikia niliiacha mlangoni, lakini hili nimeliona kwa macho yangu. Msimu uliopita tunatoa matikiti shambani na pikapu. Barabara ya vumbi, kona ya kushoto, na dereva wangu alikuwa na haraka. Bodi ya pembeni upande wa kulia ikafunguka komeo na matikiti kama thelathini yakamwagika.

Nilishuka kuyaokota. Sasa sikilizeni. Nilitegemea kuyakuta yamerushwa ubavuni, upande wa kulia wa mahali bodi ilipofunguka. Hayakuwa huko. Yalikuwa mbele, kwenye mstari ule ambao barabara ingefuata kama isingekata kona. Vumbi lilikuwa limechora kila kitu. Alama za matairi zinapinda kushoto, na mikwaruzo ya matikiti inatoka pembeni ya alama hizo ikiwa imenyooka kama rula mpaka kwenye mtaro. Moja lilifika mbali zaidi, limepasuka kwenye mzizi wa mkorosho. Wakati ule nilishangaa tu nikapakia. Leo ndiyo nimeelewa niliona nini.

#10 Ticha Mstaafu
Mkulima, umeandika ukurasa mzima wa kitabu kwa vumbi lako. Kama kungekuwa na kani inayotupa vitu nje, mikwaruzo ya matikiti ingepinda kwenda nje, kuelekea kulia. Yaliondoka kwa kunyooka, kwa sababu bodi iliyokuwa inayasukuma kuingia kona haikuwepo tena.

Na hapo ndipo utaona kwa nini aliye ndani anadanganyika. Chukua mwendo uleule wa mita 10 kwa sekunde na kona ya mita 20. Tikiti lililoachiwa, kwa nusu sekunde linakwenda mita 5 moja kwa moja. Pikapu nayo imekwenda karibu mita 5 zilezile, lakini kwa mchapuko wa 5 imejivuta kando kuelekea ndani ya kona kwa nusu ya 5 mara 0.5 mara 0.5, yaani sentimita 62. Aliyekaa kwenye pikapu haoni pikapu ikijivuta, maana amekaa nayo. Anaona tikiti limemkimbia sentimita 62 kwenda nje. Nyanya za Baba Neema zilifanya hivyohivyo. Kiti kiliteleza chini yake kuelekea kulia, na mlango ukaja kuzikuta.

#11 DerevaWaMasafa
Ticha, maneno mazuri, lakini mimi natoa kesi yangu. Mwaka juzi nilikuwa nyuma ya lori la mkaa, limepakiwa mpaka juu ya keji. Kona ya kulia, na halikuwa na mwendo wa kutisha. Nikaona matairi ya kulia yananyanyuka, kwanza polepole, kisha likalala upande wa kushoto lote. Upande wa nje. Nani alilisukuma juu pale? Mlango hakuna, mbuzi hakuna. Mkaa wenyewe haujitupi.

#12 Injinia wa Barabara
Hii naijibu mimi, ni kazi yangu ya kila siku. Lami inalisukuma lori kuelekea ndani ya kona, lakini inalisukuma wapi? Kwenye matairi, chini kabisa. Uzito wa lori la mkaa uko juu. Miguu inavutwa kulia, kiwiliwili kinataka kunyooka. Ni sawa na mtu aliyesimama kwenye zulia halafu ukalivuta zulia. Anaanguka upande wa pili, na hakuna aliyemgusa kifuani.

Hesabu yake ni nyepesi. Lori ambalo umbali kutoka katikati hadi tairi la pembeni ni mita 1, na kitovu cha uzito kiko mita 2 juu ya lami, litaanza kunyanyua matairi ya ndani mchapuko ukifika nusu ya ule wa kuanguka, yaani kama 4.9. Kwenye kona ya mita 50 hiyo ni kilomita 56 kwa saa. Ndiyo maana ulisema mwendo haukuwa wa kutisha. Na lami ikiwa kavu, matairi yanashika vizuri kuliko hapo, kwa hiyo lori halipati hata nafasi ya kuteleza, linalala kwanza. Gari dogo kitovu chake kiko chini, lenyewe huteleza kabla ya kupinduka.

#13 DerevaWaMasafa
Injinia, hiyo ya zulia imeniingia. Na ndiyo maana mafuta nusu tenki ni hatari kuliko tenki lililojaa. Madereva wa tenki wanajua, mzigo unatembea ndani wakati wewe umeshakata usukani. Lakini bado nasema, ukiwa kwenye usukani unaisikia.

#14 Injinia wa Barabara
Na hapo nipo upande wako, Dereva. Ticha anasema haipo, mimi nasema inategemea umekaa wapi. Ukichagua kufanya hesabu ukiwa ndani ya gari linalopinda, mama Neema ametulia kwenye kiti. Ametulia, lakini mlango unamsukuma niutoni 350. Ili hesabu itulie lazima uandike 350 nyingine ya kwenda nje, na majibu yanatoka sahihi mpaka desimali ya mwisho. Tunapopanga mlalo wa barabara kwenye kona, wengi wetu tunaiandika hivyo na barabara zinasimama. Kitu kinachotoa majibu sahihi na kuvunja bega mimi siwezi kukiita uongo.

#15 Dada wa Maabara
Nami niulize. Kazini tuna sentrifuji, tunaweka damu, inazunguka, seli zinashuka chini ya tyubu na plazma inabaki juu. Mashine yenyewe imeitwa jina hilo. Basi nayo inafanya kazi kwa kani isiyokuwepo?

#16 Ticha Mstaafu
Dada, seli ni kama abiria. Tyubu inazunguka, kila kilichomo kinataka kunyooka na kinahitaji kusukumwa ndani ili kizunguke. Plazma inayoizunguka seli inaisukuma, lakini kwa nguvu inayotosha kuzungusha plazma ya ujazo ule. Seli ni nzito kuliko plazma ya ujazo uleule, kwa hiyo msukumo huo haumtoshi, anachelewa kupinda, anachelewa, mpaka anafika kwenye kitako cha tyubu ambacho kinamsukuma vya kutosha. Ni mlango wa mama Neema uleule.

Injinia, sikusema kuiandika ni dhambi. Ukikaa ndani ya gari iandike, ila ujue umeiandika kwa nini. Swali la Neema lilisema "ukiwa umesimama kando ya barabara". Pale, fremu, yaani mahali unapotazamia na kupimia, haipindi, na mshale ule hauna kazi.

Halafu ukae ndani ya gari lako utazame nje. Ona nguzo ya umeme. Kwa jicho la ndani, gari limetulia na nguzo ndiyo inakuzunguka. Nguzo ya zege imezikwa ardhini, na kwa hesabu zako inakata duara. Itabidi uitafutie nayo kani ya kuizungusha, na sentrifugo peke yake haitoshi maana yenyewe inaisukuma nje. Itabidi uongeze ya Koriolisi, kani nyingine ya hesabu za anayetazama huku akizunguka, ya kuelekea ndani na kubwa mara mbili. Na nyumba nyuma ya nguzo, na mlima nyuma ya nyumba, vyote uvigawie, na kadiri kitu kilivyo mbali ndivyo kani inavyokuwa kubwa. Ukinyoosha usukani, zote zinatoweka kwa pamoja bila mtu kuigusa nguzo. Hicho ndicho kinachonifanya niseme kani hizo ni za fremu, si za vitu.

#17 Seremala Kigogo
Ninyi mnabishana sana. Chukueni pima maji, mlaze dashibodi kwa mapana ya gari, mkate kona. Nimefanya mara nyingi nikibeba vifaa. Kipovu hakiendi nje, kinakimbilia ndani ya kona, upande mnaokunja. Kama kuna kani inayotupa vitu vyote nje, kipovu mbona kinakwenda kinyume?

#18 Kijana wa Mekanika
Hii kali. Nadhani ni kwa sababu kimiminika ndicho kizito, kinachelewa kupinda na kurundikana nje, kipovu kinabaki kwenye nafasi iliyoachwa. Ticha nirekebishe.

#19 Injinia wa Barabara
Kijana uko sawa, lakini ushahidi wa seremala una doa. Gari likikata kona linalala kidogo kwenye springi zake, upande wa nje unashuka na wa ndani unainuka. Kipovu siku zote kinakimbilia juu. Kwa hiyo kingekwenda ndani hata kwa sababu ya mlalo peke yake. Na pima maji ya fundi ni nyepesi mno, digrii mbili tu kipovu kimeshafika mwisho wa kioo. Haiwezi kukwambia ni mlalo kiasi gani na kona kiasi gani. Tumieni chupa nusu ya maji, msome pembe.

#20 Baba Neema
Wakuu, nimerudi. Tumefanya.

Jumapili asubuhi tumekwenda uwanja wa mpira wa mtaa, hakuna mtu. Neema kafunga kamba ya mita 20 kwenye kigingi katikati, kaizungusha na kumwaga majivu mpaka duara likaonekana. Chupa ya pembe nne tumeijaza maji hadi nusu, tukatia rangi kidogo, tukaibana kwa utepe juu ya dashibodi, na nyuma yake Neema kabandika protrekta. Mwendo hatukuuamini wa kwenye dashibodi, tulihesabu muda. Mzunguko mmoja ni karibu mita 126, nikawa naumaliza kwa sekunde 18, basi ni mita 7 kwa sekunde. Mchapuko 2.45. Neema kagawa kwa 9.8, akapata robo, akasema maji yatainama digrii 14.

Maji yamepanda ukuta wa nje wa chupa na kukaa hapohapo muda wote tunazunguka, hayachezi sana. Pembe aliyosoma ilikuwa 16, mara moja 17. Tumerudia kwa kuzunguka upande wa pili, maji yakapanda ukuta mwingine, 16 tena. Mtoto kachukia hizo digrii mbili za ziada, mimi nilifurahi tu kuona mstari umenyooka.

Ila kaniuliza swali sikuweza kujibu. Kama hakuna kinachoyasukuma maji nje, nani kayapandisha ukutani?

#21 Injinia wa Barabara
Mwambie digrii mbili zile ni gari kulala kwenye springi. Protrekta imebandikwa kwenye gari, gari limeinamia nje, maji yameinukia nje, zinajumlishwa. Apime urefu wa bodi kutoka ardhini pande zote mbili mtu akipiga picha mkizunguka, atazipata.

#22 Ticha Mstaafu
Neema, hongera. Na swali lako ni zuri kuliko la jaribio. Chukua kipande kimoja cha maji katikati ya chupa. Nacho lazima kipinde, kwa hiyo lazima kisukumwe kuelekea ndani. Majirani zake ni maji. Yule wa upande wa nje lazima amsukume kwa nguvu kuliko yule wa ndani. Na maji yanasukuma kwa nguvu pale yalipo na kina kirefu. Basi upande wa nje lazima uwe na kina kirefu zaidi. Kona ilipoanza, maji yalinyooka, yakarundikana kwenye ukuta wa nje mpaka kina kikatosha kuyasukuma yote ndani. Yakifika hapo yanatulia, kama ulivyoona.

#23 Mtu wa Laikipia
Salamu kutoka Nanyuki, hapa ikweta inapopita. Nimesoma yote, na nina shaka na huyo mtu "aliyesimama kando ya barabara". Dunia nayo inazunguka. Mimi nikisimama hapa kando ya barabara niko kwenye kona kubwa isiyoisha. Fremu yangu nayo si ile safi mnayoisema.

#24 Ticha Mstaafu
Kweli kabisa. Kwa mtu wa kilo 70 aliyesimama ikweta, hesabu ya mzunguko wa Dunia inatoka niutoni 2.4, na mizani inampunguzia kiasi hicho. Linganisha na 350 za mlangoni. Kwa kona ya gari, kando ya barabara inatosha. Kwa kombora la masafa marefu haitoshi.

#25 Mtu wa Laikipia
Na wale vijana wa hapa wanaoonyesha watalii maji yakizunguka kwenye beseni, hatua chache kaskazini huku, hatua chache kusini kule?

#26 Kijana wa Mekanika
Beseni ni dogo mno kwa hilo. Mkono unaomimina ndio unaochagua upande.

#27 Injinia wa Barabara
Ticha, kabla hatujahama, nijibu moja. Sentrifugo inamsukuma kila mtu kulingana na kilo zake, mzito zaidi, mwepesi kidogo, na wote wanapata mchapuko mmoja. Uzito nao uko hivyohivyo. Chupa ya Neema haiwezi kutofautisha kona na mlima, ndiyo maana digrii zake zilijumlishwa kimyakimya. Tangu 1915 Einstein anatuambia uzito nao ni wa fremu. Basi ukate na mshale wa chini kwa wino mwekundu.

#28 Ticha Mstaafu
Kwa Einstein nitaukata. Kwa jaribio la kidato cha tano, mshale wa chini una mwenyewe, naye ni Dunia, na Dunia nayo inavutwa na mama Neema. Sentrifugo haina wa kuvutana naye. Najua hutaridhika.

#29 Injinia wa Barabara
Sijaridhika.

#30 Baba Neema
Neema kampelekea mwalimu picha za chupa. Alama hajarudishiwa, ila ameambiwa aeleze mbele ya darasa Ijumaa. Ameomba ruhusa ya kutumia kesi ya matikiti. Asanteni sana.

#31 Mkulima wa Matikiti
Ruhusa anayo. Aseme pia mkorosho.

#32 DerevaWaMasafa
Nimetoka Iringa leo. Nilibana chupa nusu ya maji juu ya dashibodi kushuka Kitonga, utingo wangu ndiye alikuwa anaitazama. Kwenye kona zote kali maji yamepanda upande wa nje, na alipoona yanakaribia shingo ya chupa akanipigia kelele nipunguze, nikapunguza. Bado nasikia kichwa cha lori kinavutwa. Lakini leo kwa mara ya kwanza niliangalia mgongo wangu, na kilichokuwa kinanisukuma ni ubavu wa kiti, kuelekea ndani.